Profoma ya mstari mmoja

Profoma ya kwanza niliyopewa ya kupaua nyumba yangu ilikuwa na mstari mmoja tu. Juu jina la duka, chini muhuri, katikati maneno haya: "Kupaua nyumba ya vyumba vitatu, bati geji 28 za rangi, vifaa na ufundi." Mwisho wa mstari, 16,420,000. Niliishika ile karatasi nikiwa nimesimama kwenye kaunta, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimeandikwa. Palikuwa peupe.

Ilikuwa mwishoni mwa 2022, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, najenga Kihonda, Morogoro, kwa mkopo wa benki na vikoba. Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta na kufungwa. Nilitaka bati liwe juu kabla ya masika ya Machi. Duka la pili nililokwenda walinipa nao mstari mmoja, ila wao waliandika 13,200,000. Tofauti ni milioni tatu na laki mbili. Mtu yeyote mwenye akili timamu angechukua la pili aende zake, na nusura nifanye hivyo.

Kilichonizuia si ujanja. Ni mume wa mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kupaua ila alikuwa na kazi Ifakara, hakuweza kuishika yangu. Nilimpigia kumwambia habari njema ya milioni kumi na tatu. Akaniuliza, "Shemeji, hizo bati ni mita ngapi?" Nikamwambia sijui, wameandika bei ya jumla. Akacheka. "Ya jumla kama ya dukani, au ya jumla kama ya kufungia macho?" Lugha yetu imetuponza hapo: bei ya jumla ni ile ya kununua vitu vingi kwa unafuu, na ni hiyohiyo ya kujumlisha kila kitu ili usione ndani. Mtu anakwambia "nimekupa ya jumla" na wewe unasikia unafuu.

Basi nikaomba mchanganuo. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na nadhani wengi hukosea hapohapo. Nilimwandikia kijana wa duka la kwanza kwenye Wasapu: "Habari, mbona bei kubwa sana? Naomba mchanganuo." Baada ya saa moja akanijibu:

Bati na vifaa vyake 9,000,000. Mbao 4,000,000. Ufundi 3,420,000.

Huo ni mchanganuo, kwa jina. Lakini ukiutazama utaona umetoka nyuma kwenda mbele: alichukua 16,420,000 akaigawa mafungu matatu, mawili yakatoka na sifuri sita, la tatu likabeba makombo ya 420,000. Hakuna duka linalouza bati za milioni tisa kamili. Bati huuzwa kwa mita na mbao kwa kipande, na ukizidisha idadi kwa bei unapata namba zenye mikia mikia. Mafungu yakija yamenyooka namna ile, ujue hesabu haikufanywa, au ilifanywa na hawataki kukuonesha.

Sikumlaumu sana baadaye nilipofikiri. Nilikuwa nimemuuliza kwa shari. "Mbona bei kubwa" ni mwaliko wa kujitetea, na mtu anayejitetea hatoi karatasi zake. Pia sikumwambia ninataka nini. Mchanganuo wa nini? Wa faida yake? Bei aliyonunulia bati kiwandani haikuwa inanihusu, na hakuna mfanyabiashara atakayenionesha. Nilichohitaji kujua ni vitu gani ninanunua, vya kipimo gani, vingapi, na kimoja ananiuzia bei gani.

Mara ya pili nilikwenda mwenyewe, siku ya Jumamosi asubuhi, nikamkuta mzee mwenye duka. Nikamwamkia, akanipa kiti. Nilikuwa nimechora jedwali kwenye karatasi ya daftari la mazoezi, kwa rula, kama ninavyowachorea watoto. Safu tano: kitu, kipimo na aina, idadi, bei ya kimoja, jumla. Upande wa kushoto niliandika majina ya vitu mwenyewe: bati, kofia, mbao za kenchi, papi, fasha, misumari na skrubu, usafiri na kushusha, ufundi, mengineyo, VAT. Kofia ni bati za kufunika maungio ya juu ya paa, kenchi ni fremu ya mbao inayobeba paa, papi ni mbao nyembamba za kupigilia bati, na fasha ni ubao wa ukingoni mwa paa. Safu nyingine nikaziacha wazi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, benki na kikundi changu wanataka waone hela inakwenda wapi. Nakuomba unijazie hili. Kama bei huwezi leo, nijazie kwanza vipimo na idadi tu, bei utaweka Jumatatu. Na duka lingine nimewapa karatasi hiihii."

Ile ya benki na kikundi ilikuwa kweli nusu. Benki hawakuuliza. Kikundi waliuliza. Lakini iliondoa uso wangu na wake kwenye jambo, ikawa ni karatasi inadaiwa, si yeye anatuhumiwa. Na kuanza na idadi kabla ya bei ndicho kitu ambacho ningemshauri mtu yeyote akifanye. Muuzaji hana sababu ya kuficha idadi, kwa hiyo huijaza haraka na bila kuipanga. Akishakuandikia mita 245 kwa mkono wake, basi zimeandikwa.

Mzee alivaa miwani, akasoma, akamwita yule kijana. "Mjazie mwalimu." Kijana akaenda kwenye kompyuta. Niliketi pale kama nusu saa nikinywa maji. Akarudi na karatasi iliyochapwa, yenye bei na yote, hawakungoja Jumatatu.

Bati geji 28, milimita 0.38, mita 245 kwa 23,500. Kofia 34 kwa 18,000. Mbao mbili kwa nne za futi 12, vipande 260 kwa 9,000. Papi 190 kwa 6,000. Fasha 18 kwa 22,000. Misumari na skrubu 420,000. Usafiri 250,000. Ufundi 2,600,000. Mengineyo 400,000. Halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote, na mwisho 16,420,290, ambazo walikuwa wameziondolea ile 290.

Nilipofika nyumbani nikatoa ramani. Nyumba yangu ni mita 12 kwa 10 nje ya kuta. Paa linatokeza sentimita 60 kila upande, kwa hiyo ukitazama kutoka juu ni mita 13.2 kwa 11.2. Zidisha, unapata kama mita za mraba 148. Hilo ni eneo la chini, na paa limeinama, kwa hiyo ni kubwa zaidi. Kwa mwinamo wa nyuzi 25, ambao ndio uliokuwa kwenye ramani, unazidisha kwa 1.1. Paa langu lote ni mita za mraba 163. (Paa langu linateremka pande zote nne, na nilidhani hilo linaongeza eneo. Haliongezi. Mwinamo ukiwa mmoja pande zote, la pande nne na la pande mbili yana eneo lilelile. Kinachoongezeka ni mabaki, kwa sababu bati za kwenye pembe hukatwa mshazari.)

Sasa bati. Hapa shemeji alinifundisha kitu ambacho sikukijua katika miaka yote ya kuzunguka madukani. Bati linauzwa kwa mita ya urefu, lakini kinachofunika nyumba ni upana, na si upana wote, ni ule unaobaki baada ya bati moja kulala juu ya jingine. Nilirudi dukani na futi kamba, nikaomba walaze bati mbili zilivyo zinapopigwa, mgongo wa mwisho wa moja ukipandwa na mgongo wa kwanza wa nyingine. Nikapima kutoka mgongo huo hadi mgongo unaofanana nao upande wa pili. Sentimita 90. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walisogea kutazama, mmoja akauliza kama mimi ni mkaguzi.

163 gawanya kwa 0.9 ni mita 181. Weka asilimia 10 ya mabaki na makosa, kwa paa lenye pembe nne si nyingi, unafika 199. Wao waliandika 245. Zimezidi mita 45 na ushee, zaidi ya milioni moja kwa bei yao.

Nikahesabu na kofia. Mgongo wa juu wa paa langu ni mita 2 tu, halafu pembe nne zinazoteremka, kila moja mita 8 na sentimita 34. Jumla mita 35 na nusu hivi. Kofia ya mita 2 ikilala juu ya mwenzake sentimita 15, inafunika 1.85. Hizo ni 20, ongeza mbili za akiba. Ishirini na mbili. Wao 34.

Mbao sikuweza kuzihesabu mwenyewe, maana inategemea kenchi zimepangwaje, kwa hiyo nilimlipa fundi mwingine wa mtaani elfu thelathini akae na ramani jioni moja. Akaniletea mbao mbili kwa nne 205. Wao walisema 260.

Usiku ule nililala na hasira. Nilijiona nimekwisha kuibiwa kabla hata ya kulipa. Kesho yake nilimpigia shemeji nimsomee. Alininyamazisha kwanza, halafu akasema jambo ambalo lilinibadilishia mazungumzo yote. "Ukisikia mtu anaiba, anaongeza kidogo kidogo kwenye bei, hapo huoni. Huyu bei zake ni za kawaida. Idadi ndiyo imevimba, na imevimba yote kwa pamoja, bati, kofia, mbao, fasha. Hiyo ni nyumba nyingine, shemeji. Kaulize ni ya nani."

Nikaenda, hasira imepoa. Sikuuliza mbona mmenizidishia. Niliweka ramani mezani na hesabu yangu pembeni, nikamwambia mzee, "Nimepata mita 199, nyie 245. Nionesheni nilipokosea." Na nilimaanisha, kwa sababu ningeweza kuwa nimekosea mimi. Kijana akafungua faili kwenye kompyuta, akavuta, akatazama. Akaniuliza, "Mwalimu, kibaraza chako cha mbele ni mita ngapi?" Sina kibaraza cha mbele. Wala gereji. Akamtazama mzee.

Ilikuwa profoma ya mtu mwingine wa Kihonda hukohuko, vyumba vitatu pia, lakini yenye kibaraza kikubwa na banda la gari. Siku nilipokwenda mara ya kwanza nilisema "vyumba vitatu", kijana akafungua ya mwisho ya vyumba vitatu aliyokuwa nayo, akabadilisha jina. Ramani yangu ilikuwa kwenye mkoba na hakuna aliyeiomba. Mimi mwenyewe sikuitoa.

Hilo ndilo ninalolisimulia mpaka leo, maana kabla ya hapo niliamini kazi ya mchanganuo ni kumkamata muuzaji. Kazi yake kubwa ilikuwa kujua kama bei ile inahusu nyumba yangu. Mstari mmoja wenye muhuri hauna njia ya kukwambia hilo. Ningeweza kupunguziwa milioni nzima kwa kubembeleza, nikatoka pale nafurahi, na bado ningekuwa nimenunua kibaraza cha jirani.

Duka la pili, lile la 13,200,000, nao walijaza jedwali, ila kwa kuburuzana. Walirudisha baada ya siku nne na simu tatu. Ufundi wao ulikuwa nafuu kidogo. Bati waliandika mita 240 kwa 20,500, nami nikaona hao ndio wenye bati rahisi, elfu tatu chini kwa kila mita. Nikaenda na futi kamba yangu. Upana unaofunika ulikuwa sentimita 75. Sasa ukigawa, bati lao linakutoka zaidi ya elfu ishirini na saba kwa kila mita ya mraba ya paa, na lile la duka la kwanza, lenye bei kubwa kwa mita, linakutoka elfu ishirini na sita. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Idadi yao ya mita 240 ilikuwa sahihi kabisa kwa upana ule, hawakukosea kitu, ni kwamba mita ya hapa na mita ya pale si kitu kimoja.

Kwenye safu ya kipimo waliandika "geji 28" bila milimita. Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hiyo wengi wanajua, lakini si kila anayeandika 28 anakupa unene mmoja. Nilimwomba dada wa kaunta aongeze milimita kwa kalamu. Akasema mwenye duka hayupo. Nikamwambia nitasubiri. Akasema harudi leo. Sikuwa na kipimo cha kupimia unene siku ile na sitasema bati lao lilikuwa pungufu. Ninasema hawakutaka kuandika, nami nikalichukua hilo kama jibu.

Halafu kwenye mstari wa kofia walikuwa wameweka kistari tu, na usafiri kistari. VAT, "haijumuishwi". Nikakaa na kikokotozi. Niliongeza kofia 22 kwa bei waliyonitajia ya 17,000, usafiri laki tatu, kisha asilimia 18 juu ya vyote. Ikaja 16,371,320. Ile tofauti ya milioni tatu na laki mbili iliyotaka kunikimbiza kwao ilibaki kama elfu hamsini. Na hapo duka la kwanza bado lilikuwa limebeba idadi za nyumba ya jirani.

Nikarudi kwa mzee kumalizana. Watu wakisikia "kujadiliana bei" wanafikiria kuvutana, wewe unasema kumi yeye anasema kumi na tano. Mezani siku ile hatukuvutana kwa sehemu kubwa. Bati tukaziweka mita 200. Kofia 22. Papi tuliziacha kama zilivyo, maana fundi wangu alipata karibu na zao. Fasha nazo zilikuwa za nyumba ya jirani, zangu kwa hesabu ni 15, lakini tatu hizo sikuzigombania. Nilishachoka, na mzee naye alikuwa anaanza kuvua miwani na kuivaa.

Mbao alinipinga. Alisema 205 ni hesabu ya fundi asiyewahi kukuta mbao iliyopinda, na kwamba akileta pungufu kazi itasimama na gari itarudi tena kwa gharama yake. Lilikuwa neno la haki. Muuzaji anayekupa bei ya kifurushi anabeba hatari hiyo, na ukimvunjia kifurushi hatari inahamia kwako, hata kama hamtaji. Basi tukakubaliana 210, na tukaandika chini ya profoma: mbao nzima zitakazobaki zitapokelewa dukani kwa bei ileile. Bati hazimo, kwa sababu zinakatwa kwa urefu wa paa lako na kwa rangi uliyochagua, hakuna atakayezipokea.

"Mengineyo" nikamuuliza ni yapi. Akasema ni tahadhari, jambo likitokea. Nikamwambia tahadhari naikubali, ila ikae mfukoni kwangu, likitokea tutaiona wote. Akacheka, akaikata. Ninaamini mstari wa mengineyo ndio pekee unaoweza kuuondoa bila kumuumiza mtu, kwa sababu hakuna mtu wala kitu nyuma yake.

Ufundi sikuugusa. Nilijaribiwa. Lakini milioni mbili na laki sita za mafundi watano huwezi kuzivunja ukapata kitu cha kupima. Ukiuliza siku ngapi, watakwambia siku zozote. Niliuliza badala yake zinajumuisha nini: kupiga fasha je? Ndiyo. Chakula cha mafundi? Hapana. Miti ya jukwaa? Ndiyo, wanakuja nayo. Nikaomba laki sita kati ya hizo zilipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mzee alitafakari kidogo, akasema, "Mwalimu unatufundisha kazi," akasaini.

Halafu nikafanya kosa langu la pili, na hili lilitokana na mchanganuo wenyewe. Ukishakuwa na orodha ya bei, kila mstari unakuwa kama unakuita. Niliona skrubu na misumari 420,000, nikakumbuka duka moja sokoni, nikaenda, nikapata vyote kwa 290,000. Nikamwomba mzee auondoe mstari ule. Akanitazama. "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akaukata.

Hesabu ya mwisho ilikuja 13,418,960. Nikamwambia tufunge kwa 13,400,000, akakubali. Nyumbani nikaweka karatasi mbili pamoja, ya kwanza na ya mwisho. Milioni tatu na elfu ishirini zilikuwa zimetoka. Kati ya hizo, nilichopunguziwa kwa kubembeleza ni 18,960. Zilizobaki zote ni vitu ambavyo sikuvihitaji, pamoja na zile skrubu nilizojidai kuzinunua mwenyewe.

Walipaua Februari kwa siku tisa. Machi ikanyesha, mvua ya usiku ile ya Morogoro inayoshuka kutoka Uluguru kama imemwagwa. Asubuhi kwenye korido palikuwa na dimbwi dogo, na juu yake doa kwenye mbao. Fundi mkuu alipanda, akatembea kwenye paa kwa magoti, akashuka na skrubu mbili kiganjani. Chini ya kichwa cha skrubu huwa kuna kimpira kinachoziba tundu. Vile vilikuwa vigumu kama plastiki, kimoja kimepasuka kuzunguka. Akaviweka mezani kwangu taratibu. "Mama, kazi ni yetu. Skrubu ni zako."

Sikuwa na jibu. Laki sita zangu za mvua ya kwanza, ambazo nilijivunia sana, zilikuwa zimeshikilia kazi ambayo nusu ya lawama ni yangu. Kama skrubu zingetoka kwao, angepanda yeye na boksi jipya bila neno. Tulibishana kwa upole siku mbili, mwisho nikanunua skrubu dukani kwa mzee, safari hii kwa bei yake, wao wakabadilisha upande wote wa korido bila kudai ufundi, nami nikawalipa laki sita yao. Ile hela niliyookoa sokoni ilikwisha hapo na juu yake. Siku hizi nikivunja kifurushi cha mtu, nahakikisha vitu vinavyoshikana, kama bati na skrubu yake, vinatoka mkono mmoja, hata kama bei yake inaniuma.

Mbao zilibaki 14 nzima, zimenyooka. Nilizipakia kwenye guta mpaka dukani. Mzee hakuwepo, alikuwepo yule kijana. Akazihesabu, akapiga 14 mara 9,000, akaanza kunihesabia 126,000. Nikatoa profoma kwenye mkoba, safari hii sikuiacha humo, nikaweka kidole kwenye mstari wa VAT. Nilinunua kila mbao na asilimia 18 juu yake. Akasoma, akajikuna kichwa, akampigia mzee. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikicheka. Kijana akaongeza 22,680, akaniandikia karatasi ya marejesho, na kwenye safu ya maelezo, bila kuulizwa, akajaza aina, kipimo, idadi, bei ya moja na jumla.